Chati ya Kasulu na mwaka 1987 uliopotea

Mliokuwa kwenye kikao cha wafanyabiashara wa mazao pale Kasulu mliiona chati hiyo ukutani: dola kwa shilingi, kuanzia 1966 hadi 2023, na duara jekundu kuzunguka 2015. Chini ya duara mchambuzi aliandika kwamba hicho ndicho kipindi kibaya kuliko vyote katika historia ya shilingi. Takwimu zake zilikuwa safi, wastani wa kila mwaka, hakuna mwaka uliorukwa. Hilo nampa. Kosa lilikuwa kwenye mhimili wima. Aliuacha kwenye skeli ya kawaida kwa miaka 57 ya bei iliyotoka 7 hadi zaidi ya 2,300, na kutoka hapo kila mstari aliouchora ulikuwa umeshapinda kabla hajagusa kalamu.

Mzee mmoja wa upande wa Kibondo aliuliza swali lililostahili kusimamisha kikao. "Mwanangu, hapo nyuma mbona pametulia hivyo? Miaka hiyo sisi tulikuwepo." Jibu alilopewa ni kwamba chati haidanganyi. Tukaendelea na slaidi iliyofuata.

Mimi sikuendelea. Nilirudi nyumbani nikachora upya, kwenye karatasi ya urefu wa sentimita 25, nusu sentimita kwa kila mwaka. Kwa skeli ya kawaida inayofika 2,500, kila shilingi mia moja inapata sentimita moja. Sasa tafuta 1987. Mwaka 1986 dola ilikuwa wastani wa shilingi 33, na mwaka uliofuata ikawa 64. Aliyekuwa na akiba ya shilingi aliona karibu nusu ya nguvu yake kwa dola ikiyeyuka ndani ya mwaka mmoja. Kwenye karatasi hiyo msukosuko huo una urefu wa milimita tatu. Mwaka 2015 dola ilitoka 1,653 hadi 1,991, ongezeko la asilimia 20, na linapewa sentimita tatu na nusu kasoro kidogo. Tukio dogo limechorwa kubwa mara kumi kuliko tukio lililolizidi karibu mara tano kwa asilimia.

Rudi nyuma zaidi uone maajabu. Kati ya 1966 na 1985 dola ilitoka 7.14 hadi 17 na ushee. Ndani ya miaka hiyo kuna mvutano mzima wa kushusha thamani ya shilingi, ule uliomfanya Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu, aache uwaziri wa fedha mwaka 1979. Kwenye chati ya Kasulu yote hayo yamelala ndani ya milimita moja, unene wa wino. Ndiyo maana mzee aliona pametulia.

Skeli ya logi inapanga mhimili kwa uwiano. Umbali kutoka 10 hadi 100 ni sawa na umbali kutoka 100 hadi 1,000, na kila bei inapoongezeka maradufu inapanda kimo kilekile, iwe imetoka 33 au 1,000. Kwenye karatasi yangu ileile ya sentimita 25, nikianzia 7, mwaka 1987 unapata karibu sentimita tatu na mwaka 2015 unapata milimita nane. Muongo wa 1985 hadi 1995 peke yake unakula karibu sentimita 15. Miaka 27 iliyofuata, hadi 2022, inagawana sentimita sita.

Sasa tuje kwenye pembe, maana mchambuzi alijenga hoja yake yote juu ya pembe. Alisema tangu 1986 shilingi inashuka kwa mwendo uleule, kisha 2015 ikavunja mstari. Nimepima. Kwa skeli yake, kipande cha 1986 hadi 1995 kinapanda kwa nyuzi 50, na kipande cha 1995 hadi 2005 kwa nyuzi 48. Kwa macho ni mstari mmoja. Lakini katika kipande cha kwanza dola ilikuwa ikipanda kwa zaidi ya asilimia 37 kwa mwaka, na katika cha pili kwa asilimia 7. Kipande cha 2005 hadi 2015 kinafika nyuzi 60, kikali kuliko vyote, wakati kasi yake haikufika asilimia 6 kwa mwaka.

Kwa logi, vipande hivyohivyo vinakuja na nyuzi 70, kisha 30, kisha 26, na cha 2015 hadi 2022 kinabaki na nyuzi 10. Mteremko unalala muongo baada ya muongo. Hiyo ni hadithi kinyume kabisa na ile tuliyosimuliwa, na imetoka kwenye takwimu zilezile.

Nyuzi hizi ni za karatasi yangu tu. Ukiipanua chati kwa upana zitapungua, ukiibana zitaongezeka, ila mpangilio wa kipi kikali kuliko kipi hautabadilika. Nimelisema hili kwa miaka na nitalisema tena: anayepima nyuzi 45 kwenye skrini ya simu na kuziita sheria ya soko anapima umbo la simu yake. Gann alipozungumzia mstari wa 1×1 alikuwa na karatasi yenye vipimo maalumu, kiasi fulani cha bei kwa kiasi fulani cha muda. Walimu wetu wa mitandaoni walichukua pembe wakaiacha karatasi.

Nimtendee haki mchambuzi kwenye jambo moja, kwa sababu ndilo lililomnasa. Mstari wake ulionekana mzuri mno. Unganisha 33 ya 1986 na 800 ya mwaka 2000 kwa skeli ya kawaida, unapata mwendo wa kama shilingi 55 kwa mwaka. Mstari huo unapita 416 mwaka 1993, na bei halisi ilikuwa 405. Mwaka 1996 unapita 581, halisi 580. Urefushe hadi 2010 unafika 1,348, halisi 1,396. Miguso ya namna hiyo humlewesha mtu. Halafu 2015 mstari unasema 1,622 na bei iko 1,991. Nani asingechora duara jekundu?

Shida ni tafsiri. Shilingi 55 juu ya 33 ni zaidi ya asilimia 160. Shilingi 55 juu ya 800 ni asilimia 7, na juu ya 1,600 ni tatu na nusu. Kwa hiyo mstari ulionyooka kwa skeli ya kawaida unatangaza kwamba kasi ya kushuka inapungua kila mwaka. Yeye alisoma mstari huo kama mwendo usiobadilika. Mguso ulikuwa wa kweli, maelezo yake hayakuwa.

Na kuvunjika kwa 2015 kupo hata kwenye logi, sikatai. Baada ya miaka ya 2012, 2013 na 2014 yenye ongezeko la asilimia 1 hadi 3 na ushee, asilimia 20 ni kidole kinachochomoza. Lakini kinachomoza kutoka kwenye uwanda, nyuma yake kuna mlima. Wafanyabiashara waliotoka pale wakiamini hawajawahi kuona baya kuliko hilo waliondoka na kipimo kibovu cha hatari. Na kwa watu wanaouza maharage gulioni Mabamba, faranga za Burundi mkono mmoja na shilingi mkono wa pili, kipimo cha hatari ndicho biashara yenyewe.

Logi nayo ina mtego wake, na ni bora niutaje kabla sijaandikiwa. Chagua pointi mbili zilezile za bei inayopanda. Katikati yao mstari wa logi unapita chini ya mstari wa kawaida, na baada ya pointi ya pili unapita juu. Kwa 1986 na 2000, logi inataka 162 mwaka 1993, wakati bei ilikuwa 405, na ikirefushwa hadi 2010 inadai karibu 7,900. Dola haikufika hata robo ya hapo. Maana yake ni kwamba mstari mkali wa logi huvunjwa mapema, na ukivunjwa unakuambia kasi imebadilika. Hiyo ndiyo kazi yake. Anayeurefusha miaka kumi mbele kutabiri bei ameutumia vibaya sawasawa na mwenzake wa Kasulu.

Tena, kilima cha 1986 hadi 1993 kimechorwa kwa bei rasmi. Kabla ya hapo bei rasmi ilishikiliwa wakati ya mitaani ilishapaa. Serikali ilipoilegeza mwaka 1986, na baadaye maduka ya kubadilishia fedha yaliporuhusiwa kwa sheria ya 1992, sehemu ya mwinuko ule ilikuwa deni la miaka ya nyuma linalipwa. Logi inaonyesha ukubwa wa deni hilo. Sababu yake utaitafuta nje ya chati.

Watu wa zamani wasingeanguka hapa. Mwanauchumi Irving Fisher alikuwa akiitetea chati ya uwiano tangu 1917. John Magee, aliyetoa kitabu cha uchambuzi wa chati pamoja na Robert Edwards mwaka 1948, alichora kwa mkono kwenye karatasi ya nusu-logi, hisa moja baada ya nyingine. Mkono ulimlazimu kuchagua skeli kabla ya kuweka nukta ya kwanza. Siku hizi programu inachagua kwa niaba yako, na chaguo lake la kwanza ni skeli ya kawaida, kwa hiyo wengi hawajui kwamba kuna uamuzi uliofanyika. Kwenye TradingView ni Alt+L tu. Kwenye Excel, ingia Format Axis, weka tiki kwenye Logarithmic scale. Usiyeuamini mhimili, hesabu mwenyewe safu kwa safu:

```
=LN(B3/B2)
```

Namba hizo zikibaki karibu sawa mwaka hadi mwaka, mstari wa logi utanyooka. Zikipungua taratibu, usishangae ukinyooka wa kawaida.

Si kila chati inahitaji haya. Bei ya gunia la maharage ndani ya msimu mmoja, ikicheza kwa asilimia kumi au ishirini, skeli zote mbili zitakupa mstari unaofanana, chora unavyopenda. Bei ikishafika maradufu ndani ya kipindi unachochora, anza na logi. Ikishazidi mara mia tatu, kama dola tangu 1966, skeli ya kawaida peke yake haina utetezi.

Ombi langu kwa mchambuzi, kwa kuwa kikao kingine kipo kabla ya mavuno: aiweke chati ileile mara mbili kwenye slaidi moja, kawaida kushoto na logi kulia, aliondoe duara jekundu, na ampe yule mzee wa Kibondo nafasi ya kuuliza tena.