Pampu Inalia, Tangi Halijai

Mwenye nyumba alikuwa amekwisha kubaliana na fundi wa kwanza: mota isukwe upya. Pampu ya kisimani, kilowati 0.75, ilikuwa inalia kama kawaida, lakini tangi la juu halijai. Kabla mota haijafunguliwa, nikaomba nipime umeme inaovuta.

Klampu mita haipimi kwa kugusa shaba. Taya zake zinahisi usumaku unaozunguka waya wenye umeme, basi waya haukatwi wala hauchunwi. Ila ukibana kebo nzima utasoma sifuri hata pampu ikiwa inafanya kazi, kwa kuwa umeme unaokwenda kwenye waya wa moto na unaorudi kwenye nyutro hufutana. Ndiyo maana natembea na ekstensheni fupi niliyoitoa ganda la nje tu, nyaya tatu zikiwa zimeachana, kila moja na plastiki yake. Nikabana waya wa moto peke yake, mita ikiwa kwenye ampea za AC.

Kibao cha mota kiliandikwa 5.1 A. Wakati wa kuwaka namba iliruka juu, jambo la kawaida kwa mota, kisha ikatulia kwenye 3.0 A.

Hapo ndipo wengi hukosea, wakidhani pampu inayovuta kidogo ni nzima. Mota iliyoungua au yenye beringi iliyokwama huvuta zaidi ya kibao, na kapasita ikifa, mota hunguruma bila kuzunguka huku ampea zikibaki juu mpaka swichi ikatike. Hii ilikuwa inazunguka vizuri, ila haikuwa na mzigo. Sehemu kubwa ya zile 3.0 A ilikuwa ya kutengeneza usumaku wa mota yenyewe, ambao huhitajika hata kama hakuna tone linalopanda. (Vipampu vidogo vya nyumbani vyenye feni ya shaba ya meno mengi huenda kinyume: maji yakizuiwa, ampea hupanda. Jua kwanza unapima pampu gani.)

Kwa hiyo tatizo lilikuwa kwenye maji. Tulifungua kizibo cha juu ya pampu, tukajaza maji, tukawasha: 4.8 A, na bomba likatema. Tukazima kwa saa moja, tukawasha tena: 3.1 A. Maji yalikuwa yanarudi kisimani, maana vali ya chini ya bomba la kunyonya ilikuwa na changarawe chini ya mpira wake.

Kabla sijaondoka mwenye nyumba aliniomba nipime na friza. Inavuta kidogo, na mita yangu haiaminiki sana chini ya ampea mbili, kwa hiyo nilipitisha waya wa moto mara tano ndani ya taya. Kioo kikasoma 6.0, gawa kwa tano, 1.2 A. Kibao cha friza kilisema 1.3.

Vali mpya ilifungwa jioni ile. Asubuhi pampu iliwaka kwa 4.8 A bila kujazwa.