Kipimo cha Tisa: Jinsi Karatasi ya Kodi Inavyoandikwa kwa Ajili ya Mazoezi ya Bendi

Karatasi ya kodi ni ukurasa mmoja, au miwili ikizidi sana, unaoonyesha safari ya wimbo tangu mwanzo hadi tamati kwa kutumia majina ya kodi, yaani zile sauti tatu au zaidi zinazopigwa kwa pamoja ili kuubeba wimbo, pamoja na alama zinazotenga sehemu moja na nyingine. Karatasi hiyo haimwagizi mpiga gitaa kila nota anayopaswa kuigusa. Humwonyesha tu yale ambayo wanabendi wote hawana budi kuyafanya kwa wakati mmoja, nayo ni kodi ipi inapigwa, inadumu kwa muda gani, na baada yake wimbo unaelekea wapi. Nakshi za solo na mizunguko ya besi huachiwa ufundi wa mpigaji mwenyewe.

Mfano unaofaa kuchambuliwa ni wimbo wa rumba wa aina inayopigwa na bendi za dansi za Tanzania na Kongo, ambao nusu yake ya kwanza ni ya taratibu na imejengwa kwa beti na kiitikio, na nusu ya pili ni sebene, sehemu ya kasi ambamo magitaa hushika usukani na waimbaji hubaki kuchombeza. Tuseme mtunzi ameurekodi kwa simu, kwa sauti yake na gitaa moja, katika ufunguo wa G, wenye mapigo manne katika kila kipimo. Kipimo ni kile kifungu kifupi cha mapigo kinachojirudia na ambacho mguu wa msikilizaji hukihesabu hata asipokusudia: moja, mbili, tatu, nne, kisha moja tena.

Waandishi wengi huanza kwa kutafuta kodi, na hapo ndipo wanapokosea, kwa sababu kodi moja isiyo sahihi husikika papo hapo na kurekebishwa, ilhali kipimo kimoja kilichosahauliwa huiporomosha bendi nzima bila mtu kujua kosa limeanzia wapi. Kwa hiyo rekodi husikilizwa mara ya kwanza kwa ajili ya kuhesabu vipimo tu, na kila sehemu huandikiwa idadi yake: kianzio vipimo 4, ubeti vipimo 8, kiitikio vipimo 9. Namba hiyo ya mwisho haina budi kutiliwa shaka, kwani sehemu nyingi za nyimbo za aina hii huenda kwa vipimo vinne au vinane. Lakini rekodi ikisikilizwa tena inadhihirika kwamba mwimbaji hulivuta neno la mwisho la kiitikio kwa kipimo kimoja zaidi kabla ya kurudi kwenye ubeti. Mpiga dramu asiyejua jambo hilo atauanza ubeti mapema, na mwimbaji atajikuta amebaki nyuma kwa mapigo manne kamili.

Baada ya hesabu ndipo kodi zinapotafutwa, na njia ya uhakika ni kuisikiliza kwanza sauti ya chini kabisa mwanzoni mwa kila kipimo, kisha kuamua kama kodi iliyojengwa juu yake ni meja, yenye uchangamfu, au maina, yenye huzuni kidogo. Kiitikio cha mfano huu huandikwa hivi:

```
[B] Kiitikio (vipimo 9)
| C | G/B | Am  D7 | G |
| C | G/B | Am  D7 | G |
| G |
```

Kila chumba kati ya mistari miwili ya wima ni kipimo kimoja, na panapokuwa na kodi mbili katika chumba kimoja, kila moja hupewa mapigo mawili. Herufi peke yake humaanisha kodi ya meja. Herufi ndogo m huigeuza kuwa maina. Na 7 huongeza sauti ya nne, ambayo katika D7 huifanya kodi itamani kurudi nyumbani kwa G. Mkwaju wa G/B unamwambia mpiga besi apige B ilhali wengine wakiendelea na kodi ya G, naye kwa kufanya hivyo hushuka ngazi kwa ngazi kutoka C, kupitia B, hadi A. Mwandishi akiandika G pekee, mpiga besi atapiga G, na ule mteremko, ambao ndio uzuri wa kiitikio hiki, utapotea.

Mpangilio wa ukurasa nao ni sehemu ya ufundi. Vipimo vinne kwa kila mstari hulifanya jicho lione umbo la wimbo kabla ya kusoma kodi, na kila sehemu huanza mstari mpya ikiwa na herufi yake ndani ya kisanduku, ili kiongozi akisema “turudie kutoka B” pasiwe na mtu anayeuliza B ni wapi. Hapa kuna mtego ambao hata wazoefu hunaswa nao: mwimbaji mara nyingi huanza maneno yake pigo moja au mawili kabla ya kipimo cha kwanza cha sehemu husika. Kisanduku hakiwekwi pale maneno yanapoanzia, bali pale kodi mpya inapoingia, na maneno mawili au matatu ya kwanza huandikwa kwa herufi ndogo juu ya kipimo kilichotangulia, ili mwimbaji ajue kwamba bendi ikianzia B yeye tayari amekwisha kuingia.

Sebene huhitaji uandishi wa namna nyingine, kwa kuwa urefu wake hauamuliwi mezani bali huamuliwa na wachezaji walio ukumbini. Kwa hiyo vipimo vyake vinne, G, C, G na D, huzungushiwa alama za marudio, na juu yake huandikwa “mpaka ishara”, pamoja na kutaja ishara yenyewe ni ipi na inatolewa na nani. Bila maelezo hayo, mazoezi ya sebene hugeuka kuwa mabishano juu ya nani alipaswa kuacha kwanza.

Ugumu mwingine hutokea mwimbaji anapoomba wimbo upandishwe kutoka G hadi A. Mwishoni mwa miaka ya 1950, huko Nashville nchini Marekani, Neal Matthews wa kundi la Jordanaires alibuni njia ya kuandika namba badala ya herufi, ambapo G, C na D huwa 1, 4 na 5, na namba hizo hazibadiliki hata ufunguo ukihamishwa. Wapigaji waliolelewa katika kwaya za Afrika Mashariki huielewa njia hii upesi, kwa sababu namba hizo ni zile zile do, fa na so za nota za sol-fa. Hata hivyo, wapulizaji huhitaji karatasi yao wenyewe: wimbo ulio katika G huandikwa katika A kwa tarumbeta na saksafoni ya tena, na katika E kwa saksafoni ya alto, kwa kuwa ala hizo hutoa sauti tofauti na jina la nota inayosomwa.

Kabla ya mazoezi, karatasi hupewa mpigaji ambaye hajausikia wimbo, naye huufuatisha na rekodi bila kuelezwa lolote. Anaposita, karatasi ndiyo yenye kasoro, na mara nyingi kasoro hiyo ni ya hesabu. Masahihisho yakishafanyika, tarehe huandikwa kwenye kona ya juu na nakala za zamani hukusanywa, kwa kuwa bendi ambayo nusu yake inasoma kiitikio cha vipimo 8 na nusu nyingine cha vipimo 9 itatumia jioni nzima kumlaumu mpiga dramu.