Sanamu ya Duka na Haki ya Gauni

Fundi wa cherehani wa Rumonge, mji wa ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kusini ya Bujumbura, atakapo kuwapelekea wateja wake picha ya gauni la kitenge, huivika kwanza sanamu ya plastiki, na hapo ndipo ustadi wake hudhihirika. Kwani sanamu hizo aghalabu zimefinyangwa ndefu na nyembamba, hali gauni limekatwa kwa kimo na nyonga za wanawake watakaolivaa.

Wengi hulibana gauni mgongoni kwa pini hata likaishika sanamu, nami siipendi kabisa hila hiyo, maana mishono ya ubavuni huvutwa nyuma, maua ya kitenge yaliyopangwa sawasawa hupinda, na mikunjo ya kuvutana huonekana mbele, ikimwarifu mtazamaji makini kuwa nguo imeonewa.

Fundi mwenye insafu huujaza mwili wa sanamu ufuate nguo. Tuseme kiuno cha gauni ni sentimita 84 na cha sanamu ni 62: akiacha 4 za nafasi ya kupumua, zimebaki 18 za kujazwa, na lau angezizungusha sawasawa, unene wake ungekuwa pungufu kidogo ya sentimita 3, lakini kiuno cha binadamu si pipa, kwa hiyo mabaki ya vitambaa na sufi huyaweka zaidi ubavuni na nyuma, tumboni akapunguza, kisha akayafunga kwa kitambaa laini ili vifundo visitokeze.

Hapa pana jambo ambalo hata mafundi hodari hughafilika nalo: kwa kuwa sanamu ni ndefu kuliko mvaaji, kiuno cha gauni huangukia juu ya kiuno cha sanamu, basi haifai kujaza pale palipobonyea plastiki, bali fundi aivike gauni kwanza, atie alama ya chaki pale mshono wa kiuno unapotua, alivue, ndipo ajaze. Mikono ya sanamu huing'oa kabla ya kuvika, na kuirudisha baadaye kupitia mikono ya gauni, asije akapasua makwapa. Tena nyayo zilizoinuliwa kwa ajili ya viatu vya visigino huupandisha upindo, hata gauni la kufika chini likaonekana fupi. Sanamu ya namna hiyo yafaa kwa magauni ya magotini.

Ikisha kuvikwa, simu huwekwa mbali, hatua nne hivi, kwa kimo cha kiuno, kwa sababu kamera iliyo karibu na juu hukuza mabega na kuufinya upindo. Na kwa kuwa ziwa liko magharibi ya mji, baraza iliyolielekea hupata asubuhi kivuli cha nyumba pamoja na nuru pana ya mbingu juu ya maji, nuru isiyochoma rangi za kitenge. Alasiri jua hupiga usoni, na nyekundu hupauka pichani.