Kinda Nyuma ya Ukuta: Malezi ya Hondohondo katika Kisa cha Watoto

Kisa cha kinda wa hondohondo anayejifunza kujitafutia chakula kina msuko sahili. Kinda anaanguliwa katika kiota, na mama huondoka kila alfajiri na kurudi na panzi. Siku moja mama anamwambia kwamba wakati wa kulishwa umekwisha. Kinda anatoka, anadonoa kijiwe akidhani ni mbegu, anauma mwiba akidhani ni panzi, na usiku analala na njaa. Kesho yake anamtazama mama kwa makini, anamnasa panzi wake wa kwanza, na kusifiwa. Sentensi ya mwisho inalitaja lengo la mtunzi bila kificho: kuwaonyesha watoto jinsi ndege wanavyowalea wana wao. Suala linalochunguzwa hapa ni iwapo malezi hayo ni ya hondohondo kweli, au ni ya kuku aliyepachikwa mdomo mrefu.

Huenda ikadaiwa kwamba swali hilo halina msingi, kwa kuwa katika ngano zetu hakuna anayeuliza kama sungura halisi huweza kumdanganya fisi. Hoja hiyo ni ya haki kwa ngano. Fisi wa ngano ni ulafi uliovishwa ngozi, na hadhira hulijua hilo kabla ya mtambaji kufungua kinywa. Kisa hiki, hata hivyo, kimetoa ahadi nyingine. Kimemtaja ndege kwa jina, kimemweka nyikani, na kimedai kuwa kinaonyesha. Mtunzi anayeahidi kuonyesha hupimwa kwa kile alichokiona.

Na cha kuonwa ni kingi. Hondohondo mwenye mdomo mwekundu, ambaye ni wa kawaida katika nyika za Kenya, hutaga ndani ya shimo la mti. Kabla ya kutaga, jike huingia shimoni na kuuziba mlango kwa tope, kinyesi na mabaki ya chakula, akabakiza upenyo mwembamba unaotosha kupitisha ncha ya mdomo. Akiwa humo, manyoya yake ya mabawa na mkia hunyonyoka karibu yote kwa pamoja, kwa hiyo hawezi kuruka hata akitaka. Huatamia kwa muda wa siku 24 hivi, na katika kipindi chote hicho dume ndiye anayemletea chakula, akikipitisha katika upenyo ule. Makinda wa kwanza wakianguliwa, dume hulazimika kulisha vinywa vingi zaidi.

Kwa hiyo yule mama anayeruka alfajiri huku kinda wake akiwa uchi bila unyoya ni mama asiyekuwepo. Kosa hili si la sayansi peke yake. Ni kosa la uteuzi wa wahusika. Katika kisa hiki chenye kurasa chache, baba hatajwi hata mara moja. Mtunzi amechukua mgawanyo wa kazi alioupata katika vitabu vingine vya watoto, mama jikoni na baba hayupo, akampachika ndege ambaye maisha yake yanaukanusha mgawanyo huo. Iwapo kuna ndege wa nyikani anayeweza kumfundisha mtoto wa Kitui au Taita kwamba baba naye hulea, basi ni huyu, na nafasi hiyo imepotea.

Lakini hasara kubwa zaidi iko mbele kidogo. Kinda mkubwa anapofikisha umri wa majuma matatu hivi, mama, ambaye manyoya yake yamekwisha kuota upya, huubomoa ukuta na kutoka ili amsaidie dume kutafuta chakula. Shimo hubaki wazi. Kinachofuata ni tendo ambalo mtunzi wa kubuni angeona haya kulibuni: makinda, wangali na manyoya nusu, huuziba mlango wenyewe kwa kinyesi na mabaki ya chakula, bila msaada wa mzazi, wakarudisha upenyo uleule. Humo huendelea kulishwa na wazazi wote wawili mpaka kila mmoja anapotoka akiwa na umri wa siku 45 hivi.

Hapa pana kilele cha hadithi kilichokwisha kuandaliwa na maumbile. Mama anaondoka, mwanga unafurika shimoni, na anayeachwa hafuati, anajenga. Taharuki ipo, na uamuzi wa mhusika upo. Pia lipo jambo ambalo mtoto msomaji atalielewa mara moja, kwamba kuachwa na mzazi si lazima kuwe ni kutupwa. Badala ya haya, kisa kinampa mama hotuba ya aya nzima kuhusu faida za bidii. Hotuba hiyo ingeweza kutolewa na twiga au samaki bila kubadilishwa neno.

Jambo jingine limenyamaziwa, na ukimya huu unahitaji kuhukumiwa kwa upole zaidi. Kinda wa kisa hiki hana ndugu. Jike wa kweli kwa kawaida hutaga mayai matatu hadi matano, kwa siku tofauti, na makinda huanguliwa kwa kupishana vilevile. Mkubwa huwa ameshapata nguvu wakati mdogo anapofumbua macho. Chakula kikiwa haba, mdogo hukosa na kufa. Je, hili laweza kuandikiwa mtoto wa miaka minane? Wahariri wengi watakataa. Hata hivyo, mtoto aliyekulia penye kuku amekwisha kuzika vifaranga, na mwaka wa ukame haumfichi kitu. Si lazima kifo kitajwe. Ingetosha kinda mkubwa ahesabu midomo gizani na kuona ile ya nyuma yake ikichelewa kufunguka.

Haifai kukikana kisa chote. Sehemu ya kujifunza kula ni nzuri, na kuna mahali ambapo mtunzi amechungulia kweli. Kinda anamnasa panzi kwa ncha ya mdomo lakini hawezi kumfikisha kooni. Anamrusha, panzi anaanguka, anamrusha tena. Ulimi wa hondohondo ni mfupi mno kuifikia ncha ya mdomo wake mrefu, na ndiyo maana ndege huyu hurusha chakula juu na nyuma ili kitue kooni. Watoto watacheka hapo, na watakuwa wamejifunza bila kuhubiriwa. Wala mama hasemi kitu katika ukurasa huo. Kinda hufuata na kutazama, kama makinda halisi wanavyowafuata wazazi wao wakiendelea kulishwa kwa majuma kadhaa baada ya kutoka shimoni. Kufuata huko kungeweza hata kufika mbali zaidi: katika nyika ya Taru, Anne Rasa alieleza mwaka 1983 jinsi hondohondo wanavyoandamana na nguchiro wadogo, wakila panzi wanaofurushwa nao na kuwaonya mwewe anapotokea.

Iko pia tofauti ndogo ya kisarufi inayostahili kutazamwa. Mtunzi anayumba kati ya kinda “linalia” na kinda “analia”, mara nyingine katika aya moja. Mhariri atasema ni uzembe, na pengine ndivyo. Lakini kama “li-” ingetumika gizani, wakati kinda bado ni mdomo uliofunguliwa tu, na “a-” ikaanza pale anapoweka tonge la kwanza la tope mlangoni, upatanisho wa kisarufi peke yake ungemwambia msomaji ni lini kinda amekuwa mtu wa hadithi. Katika maandishi yaliyopo, “a-” inatokea kwanza mama anapomaliza hotuba yake.