Kupima Sauti Iliyofichwa

Sauti nzito ya kukoroma, inayosikika kana kwamba mtu anaongea ndani ya pipa, ndiyo wahariri wengi huiamini wanapotaka kumficha mtoa habari. Ukiisikia hewani, shuku kazi hiyo mara moja. Mara nyingi imeshindwa pande zote mbili: msikilizaji hashiki nusu ya maneno, na mwenye sauti bado anajulikana na watu wanaofanya naye kazi.

Anza kwa kuuliza sauti imebadilishwaje. Njia ya haraka ni kuishusha au kuipandisha yote kwa kipimo kimoja. Kwenye Audacity, programu ya bure inayotumiwa na redio nyingi ndogo, unachagua Change Pitch, unaandika nusutoni sita chini, basi. Tatizo ni kwamba aliyekirekodi kipindi kutoka hewani naye anaweza kuifungua Audacity hiyo hiyo na kuandika nusutoni sita juu. Hahitaji hata kuambiwa namba. Atajaribu nne, tano, sita, mpaka asikie sauti ya binadamu wa kawaida, na sauti hiyo itakuwa karibu sana na ile ya mwanzo. Kwa hiyo jaribio la kwanza la mhakiki ni hilo hilo: chukua faili la mwisho, jaribu kulirudisha, kisha sikiliza. Ukiipata sauti ya mtu ndani ya dakika chache, hapakuwa na kificho.

Mara nyingine chumba chenyewe ndicho kinachoitoa namba. Umeme wa gridi katika Afrika Mashariki huenda kwa hezi 50, na friji, taa au chaja mbovu huacha mvumo wa kiwango hicho kwenye rekodi. Sauti ikishushwa nusutoni nne, mvumo nao unashuka pamoja nayo mpaka karibu hezi 40. Mtu mwenye ujuzi akiona mstari wa hezi 40 kwenye spektrogramu, anajua papo hapo kwamba kila kitu kimeshushwa nusutoni nne. Mlio wa simu unaofahamika au wimbo unaosikika kwa jirani hufanya kazi hiyo hiyo ya usaliti. Ndiyo maana kazi nzuri huanza kabla ya mahojiano: vifaa viko kwenye betri, friji imezimwa, simu zote ziko nje ya chumba.

Sasa upande wa maneno. Tuchukue mtumishi wa mizani ya malori kwenye barabara kuu, mwanamume, anayesema: "Lori likizidisha tani saba tunaandika sita, na fedha tunagawana zamu nzima." Sentensi ni fupi, lakini habari yote imo humo, na uzito wake umekaa kwenye herufi dhaifu kuliko zote. Nguvu ya s iko juu sana, aghalabu kuanzia hezi 5,000 kwenda mbele. Ile ya sh iko chini yake, kwenye hezi 3,000 na ushei. Ukishusha rekodi nzima nusutoni sita, kila kitu kinazidishwa kwa 0.7 hivi, kwa hiyo 5,000 inakuwa 3,500, na s imeangukia kwenye nyumba ya sh. Msikilizaji anasikia "tani shaba". Anaweza kuelewa kwa muktadha, lakini anaweza pia kudhani lori lilibeba shaba, na shaba kweli hupita kwenye barabara zetu ikitoka Kongo na Zambia. Vivyo hivyo sindano inageuka shindano. Vokali za Kiswahili ni tano tu, zimeachana vya kutosha, na hustahimili sana kuvutwa huku na huku. Ukitaka kujua maneno yamepona au la, sikiliza s, sh, f, th na dh.

Kama mahojiano yalifanywa kwa simu ya kawaida, hali ni ngumu zaidi, maana laini hiyo hukata karibu kila kitu kilicho juu ya hezi 3,400. Hapo s na f zimeshakaribiana kabla hujagusa chochote. Rekodi ya namna hiyo haifai kushushwa. Ibadilishe kidogo sana, au maneno yake yasomwe na mtu mwingine.

Kwa huyu wa mizani, ambaye sauti yake ya kawaida iko kwenye hezi 115 hivi, mimi ningepandisha badala ya kushusha. Kupandisha kwa kiasi kunaiacha s kuwa s, na hata spika ndogo ya simu inaitoa vizuri. Kwenye Praat, programu ya wanafonetiki iliyotengenezwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, amri moja inatosha kwa kuanzia:

```
Change gender: 75, 300, 1.12, 150, 0.5, 1
```

Namba mbili za mwanzo ni mipaka ambamo programu itautafuta mtetemo wa koo. Ya tatu, 1.12, inabadilisha mwangwi wa koo na kinywa, kana kwamba msemaji ana koo fupi kidogo, na hii ndiyo tofauti kubwa na ile njia ya haraka, kwa sababu mwangwi na mtetemo vinasogezwa kila kimoja kwa kiasi chake. Ya nne inaiweka kati ya sauti kwenye hezi 150. Ya tano inapunguza kupanda na kushuka kwa kiimbo hadi nusu, na ya mwisho inaacha mwendo kama ulivyo. Sauti inayotoka ni ya mtu mwingine wa kawaida, na hilo ndilo linalotakiwa. Msikilizaji haachi kusikiliza ushahidi ili ashangae sauti.

Namba ya tano inataka uangalifu. Kiimbo ni alama ya mtu kuliko wengi wanavyodhani, na mke humtambua mumewe ukumbini kwa kupanda na kushuka kwa sauti yake kabla hajashika neno. Ukiweka 0, wimbo huo unafutika kabisa na hakuna wa kuurudisha. Lakini Kiswahili kinauliza kwa kiimbo. "Amelipa" na "Amelipa?" ni herufi zile zile, na kwenye sauti iliyonyooshwa kama waya huwezi kuzitofautisha. Mtumishi wetu akisimulia, "Bosi akasema, amelipa? Nikasema, amelipa", msikilizaji hatajua nani aliuliza na nani alijibu. Nusu ni maelewano mazuri. Ukilazimika kunyoosha kabisa, basi maandishi yawe kwenye skrini, au mtangazaji aeleze mwenyewe kwamba lilikuwa swali.

Usijidanganye kwamba amri hiyo ni kufuli. Mwenye subira anaweza kukisia namba zake na kukaribia sauti ya asili. Inafaa pale ambapo hatari ni kutambuliwa na jirani aliyesikiliza mara moja tu. Anayetafutwa na watu wenye fedha na mafundi anahitaji zaidi ya hapo, na nitafika huko.

Kupima kunafanywa na masikio mawili tofauti. Sikio la kwanza ni la mtu asiyejua habari yenyewe. Mpe dakika mbili za sauti iliyobadilishwa, bila maandishi, aandike anachosikia, kisha linganisha na maneno halisi. Usitumie masikio yako, wala ya aliyehariri, kwa sababu anayejua kilichosemwa hukisikia hata pale ambapo hakipo. Hesabu makosa kwenye tarakimu, majina na vikanushi. Msikilizaji akiandika "tulipokea" mahali paliposemwa "hatukupokea", kazi inarudi mezani hata kama mengine yote ni sahihi.

Sikio la pili ni la anayemjua msemaji, na hapa wengi hukosea vibaya kwa kumchezea rekodi rafiki wa mtoa habari. Usifanye hivyo. Rekodi mwenzako wa chumba cha habari, mwenye sauti inayokaribiana na ya mtoa habari, mpitishe kwenye namba zile zile, kisha wachezee wafanyakazi wenzake bila kuwaambia ni nani. Wakimtaja haraka, watu wa mizani nao watamtaja wa kwao.

Na mara nyingi watamtaja kwa kitu ambacho hakuna programu inayokigusa. Aliyekulia Pemba, Tanga au Bukavu hubaki na lafudhi yake hata sauti ikipandishwa kiasi gani. R na l zinazobadilishana hubaki zikibadilishana. "Yaani" inayotangulia kila sentensi inabaki, kikohozi kinabaki, na jina la utani la bosi linalojulikana na watu sita tu kazini linabaki. Septemba 2013, katika kesi ya William Ruto na Joshua Sang kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague, shahidi wa kwanza wa mashtaka alizungumza sura na sauti vikiwa vimebadilishwa, bila kutajwa jina. Muda si mrefu watu wakaanza kusambaza mitandaoni jina walilodai kuwa ni lake, na jaji akalazimika kutoa onyo. Sauti ikifichwa, wanaoijua habari huishika simulizi yenyewe: alikuwa wapi, na nani, saa ngapi. Mhariri mzuri hukata jina la utani na saa ya zamu, na mtoa habari husikiliza toleo la mwisho kabla ya mtu yeyote nje ya chumba, kwa kuwa yeye ndiye anayejua ni neno gani wenzake watalishika.

Pale ambapo maisha yamo hatarini, njia ninayoiamini ni maneno yake kusomwa na mtu mwingine. Hakuna cha kurudisha, kwani sauti yenyewe haipo. Ubora wake nao unapimika. Msomaji asome kwenye karatasi, asisikilizishwe rekodi ya asili, maana sikio huiga na mdomo hufuata, na pumziko la mtoa habari litaibukia kwa msomaji. Asitoke mji ule wala kazi ile, asije akadhaniwa kuwa ndiye. Maneno yabaki ya mtoa habari, hata sentensi iliyopinda, na kama alilia, mtangazaji aseme kwamba alilia, msomaji asiigize kilio. Wasikilizaji waambiwe waziwazi kwamba maneno yamesomwa na mtu mwingine.

Mwisho sikiliza kipindi chote kwa hedifoni, upande mmoja mmoja, kushoto kisha kulia, na umakini wako uwe kwenye maswali ya mwandishi. Maikrofoni yake ilikuwa mita moja tu kutoka kwa mtoa habari, na mhariri mwenye haraka hubadilisha njia ya sauti ya mtoa habari peke yake. Nyuma ya swali, kwa chini, unaweza kuisikia sauti halisi ikisema "ndiyo, ndiyo" au ikianza jibu kabla swali halijaisha. Kwenye faili la video, fungua pia njia za sauti zote zilizomo, kwa maana njia ya pili yenye rekodi ghafi inaweza kuwa imezimwa tu bila kufutwa. Sekunde moja kama hiyo inatosha kulinganishwa, kwa hiyo njia ya mwandishi nayo inyamazishwe kila mtoa habari anapofungua mdomo, na maswali yarekodiwe upya studioni kama hayatenganishiki.