Ujumbe Unaokutanisha Watu: Namna ya Kuupima

"Jamani tumemisiana, lini tutakutana?" Kila kundi la WhatsApp la watu waliosoma pamoja limewahi kupata ujumbe huu. Majibu ni yaleyale: vicheko, mioyo, "wazo zuri sana", kisha linaingia tangazo la msiba na habari inaishia hapo. Watu si wavivu. Wameulizwa swali lisilo na wa kulijibu: wa Mwanza anamsubiri wa Dar, wa Dar anamsubiri wa Muskati apate likizo.

Sasa tazama huu, uliotumwa mwezi Mei kwa darasa letu la kidato cha sita:

"Wakuu, Jumamosi 22 Agosti, Morogoro, saa 7 mchana. Mimi na Kaka Mkuu tunakwenda hata tukiwa wawili. Chakula elfu 30 kwa mtu. Anayekuja aandike NAKUJA kabla ya Jumapili saa 3 usiku. Tukifika wanane, mbuzi anachinjwa."

Kitu cha kwanza ninachokitafuta ni kazi iliyofanyika kabla ujumbe haujaandikwa. "Mimi na Kaka Mkuu" maana yake mtumaji alishapiga simu pembeni, akapata mwenzake. Hakuna anayependa kuwa wa kwanza kusema ndiyo, lakini wa tatu hupatikana upesi. Na hayo maneno "hata tukiwa wawili" yanamwondolea mtu hofu ya kukata tiketi halafu aambiwe imeahirishwa.

Kisha naipima tarehe. Asiyeijua Morogoro angechagua tarehe 8, Nane Nane, akidhani sikukuu itawasaidia watu. Kumbe siku hizo mji una maonyesho ya wakulima na vyumba ni vya kugombania. Wiki mbili baadaye pametulia, na wa Dar anapanda treni ya SGR asubuhi, jioni yuko kwake. Ujumbe wa Mei ulimpa wa Muskati miezi mitatu ya kuomba ruhusa kazini. Mtumaji angeweka tarehe tatu zipigiwe kura, kura zingegawanyika, na walioshindwa wangejiona wameruhusiwa kubaki nyumbani. Kura ibaki kwa mambo madogo, kama pilau au wali.

NAKUJA nayo ina kazi yake. Ni neno moja, halina nafasi ya "Mungu akipenda nitajitahidi", na kila linapoandikwa linawaamsha walionyamaza. Kwetu majibu hayo yalifika kumi na moja kabla ya Jumapili.

Hata hivyo ujumbe ule ulikuwa na upungufu. Kutaja elfu 30 kulikuwa sahihi, maana gharama isiyotajwa humtisha mtu zaidi. Lakini wenzetu wawili hawakuwa nayo, na mbele ya kundi hawakuweza kusema. Walikaa kimya tu, tukajua baada ya Agosti. Ukiandika wako, ongeza mstari huu: "Mwenye jambo anipigie mimi, tutalimaliza wawili."