Silabi za Boza la Maji

Nkoroi ina visima vingi na maboza mengi ya maji, na mwanagenzi wa idara ya video hukosi siku utakapoambiwa uandike tangazo la mmoja wa wauzaji wake. Sekunde 30, basi. Ukurasa unaukata safu tatu: muda, picha, sauti. Kazi yenyewe, ninayoipenda kuliko zote katika fani hii, imo katika kuzifanya safu hizo zikubaliane.

Onyesho la kwanza halina msimulizi. Kuanzia 0 hadi 5 tunaona mtungi chini ya mfereji unaodondosha tone moja moja, na tone linasikika likigonga plastiki. Mkaazi yeyote wa huku ameshaelewa. Kuanzia 5 hadi 9 boza linaacha Barabara ya Magadi, linaingia njia ya muramu. Hapo ndipo msimulizi anapoingia, naye ana sekunde nne tu.

Mwenye biashara angependa tuseme hivi: “Tunakuletea maji safi ya kisima mpaka nyumbani kwako Nkoroi kwa bei nafuu.” Ni maneno 12, na kwa macho yanaonekana machache. Lakini Kiswahili hakipimwi kwa maneno. “Tunakuletea” peke yake ina silabi sita. Sentensi nzima ina 32. Msomaji mtulivu, anayetamka kila herufi, mimi humhesabia silabi tano kwa sekunde, kwa hiyo atamaliza baada ya sekunde sita na ushei, wakati boza limekwisha kufika na picha imebadilika. Akiharakishwa aiwahi picha, “bei nafuu” itamezwa, na hayo ndiyo maneno aliyoyalipia mteja.

Basi tunakata. Nkoroi itatajwa na kibao cha dukani kinachopitwa na boza. Usafi wa maji utaonekana yakimiminika tangini. Bei inasubiri onyesho lake. Inabaki: “Maji ya kisima, hadi tangini kwako.” Silabi 13, chini ya sekunde tatu, na nafasi inayosalia ni ya mngurumo wa injini. Napenda sana nafasi hiyo. Lori linalosikika likipanda mlima linaaminika kuliko sifa tatu za msimulizi.

Nambari ya simu ndiyo mlaji mkubwa wa muda. Tarakimu kumi zinazoanza na sufuri hazipungui silabi 21, na zikisomwa kwa mafungu, kama watu wanavyozitaja, sekunde tano zimekwenda na hakuna aliyeishika. Kwa hiyo msimulizi anasema “Piga simu” kisha ananyamaza. Kuanzia 24 hadi 30 nambari inakaa kwenye skrini kwa tarakimu kubwa juu ya picha ya tangi lililojaa, muda wa kutosha mtu kuinukuu au kuipiga picha.